Usiku wa Bamvua Mtaani Majengo

Wazee wangu, akina mama, vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, assalam alaikum. Na wasioitikia hivyo, hamjambo.

Barua niliyoletewa inasema nizungumzie "usalama wakati wa mafuriko". Mimi sina elimu ya karatasi ya jambo hilo. Nilikuwa mtu wa kamba. Miaka 31 nilifunga na kufungua meli pale Kilindini, mpaka viganja vikawa vigumu kama ngozi ya ngoma. Kwa hivyo nitawahadithia usiku mmoja tu, ule ambao wengi wenu mlikuwapo, na wengine mmeusikia ukiwa umetiwa chumvi. Juzi nimemsikia mtoto akisema maji yalifika madirishani pa msikiti. Hayakufika. Yalinifika katikati ya paja, nami mwaniona nilivyo, si mrefu.

Kwa mliohamia karibuni, niwaeleze kwanza barabara yenyewe. Kutoka msikitini inashuka, halafu pale penye kibanda cha soda inaanza kupanda tena kuelekea Barabara ya Jomo Kenyatta. Ukitembea kwa miguu huoni sana, lakini msukuma mkokoteni anaijua kwa magoti yake. Ni sahani. Maji ya mvua yanateremka pande zote mbili na kukutana kwenye kibanda cha soda. Chini ya lami kuna bomba la zege linalopaswa kuyachukua hadi baharini, upande wa Tudor, na juu ya bomba hilo kuna chemba tatu, yale mashimo ya mraba yenye mifuniko ya chuma. Nasema yenye mifuniko kwa mazoea tu. Mfuniko wa chemba ya kati ulikuwa umeondoka zamani, na sote twajua vyuma vikiondoka usiku vinaelekea wapi. Mahali pake paliwekwa ubao.

Zamani maji hayakuwa na haja ya bomba. Kisiwa hiki kimekaa juu ya matumbawe, na mchanga na jiwe lile hunywa maji. Nilipokuwa mdogo mvua ya mwaka, ndiyo masika hayo, ilinyesha asubuhi na adhuhuri tukacheza mpira uani. Leo kila uwanja una saruji, kila uchochoro una vigae. Maji hayana pa kuzama, yote yanakwenda kugombania bomba moja.

Basi. Ilikuwa mwezi wa Mei, ambao kwetu Mombasa ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Mvua ilianza saa kumi alasiri, na haikuanza kwa manyunyu. Upepo wa kusi uliisukuma ikaja kwa ubavu, mabati yakawa yanalia, huwezi kumsikia aliye mbele yako. Kufikia saa kumi na moja u nusu barabara ilikuwa mto wa rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake zinapita chupa, kandambili moja moja, na kuku mmoja juu ya beseni ambaye mpaka leo sijui alikuwa wa nani.

Hapo nikafanya kosa langu la kwanza, na ninalisema mbele yenu kwa kuwa naona wengi mnalifanya kila mwaka. Nilichukua mtaimbo, nikawaita vijana wanne, tukaenda kuzibua. Tulichokoa ile chemba ya juu karibu nusu saa. Tulitoa chupa za plastiki, nepi, gunia zima la maganda ya miwa. Tukafurahi, tukangoja maji yashuke. Hayakushuka hata kidole. Badala yake yalianza kutoka ndani ya chemba, yanachemka kama uji. Nikawaambia vijana kuna kizuizi kingine mbele, tusonge.

Bi Mkubwa wa nyumba ya orofa, ile yenye roshani ya mbao, alikuwa akitutazama kutoka juu. Akaniita.

"We mzee! Wafanya nini na huo mtaimbo?"

"Nazibua, Bi."

"Leo mwezi ngapi?"

Nikafikiri anauliza tarehe ya pango. Nikanyamaza.

"Leo mwezi kumi na saba," akasema. "Juzi tu nimemaliza saumu za masiku meupe. Bamvua hiyo. Bahari imejaa pomoni, nawe wataka uyapeleke maji wapi?"

Wallahi niliona haya. Miaka 31 bandarini, na mwanamke aliyeketi roshanini mwa nyumba yake ndiye aliyenikumbusha bahari. Maana jambo lenyewe ni hili. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, na siku mbili tatu baada yake, bahari hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua. Hapa kwetu tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati huo hupita mita 3, urefu wa mlango na zaidi. Na bamvua za Mombasa zina saa zake: mwezi ukiwa mpevu bahari hujaa mwendo wa saa kumi jioni na saa kumi usiku, kisha kila siku husogea mbele kidogo. Mwezi kumi na saba, kujaa kwake ni karibu saa kumi na mbili. Ndiyo saa ile ile niliyokuwa nimesimama na mtaimbo mkononi. Mdomo wa bomba letu kule Tudor ulikuwa umezama chini ya bahari. Lile bomba halikuwa limeziba. Lilikuwa limefungwa, na aliyelifunga hafunguliwi kwa mtaimbo.

Toka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Kwa hivyo bahari ingefika chini kabisa mwendo wa saa sita usiku, na bomba lingeanza kuvuta sawasawa kwenye saa tatu hivi. Nilipopiga hesabu hiyo, kazi yote ikageuka. Maji hatungeyaondoa, hata tungekuwa watu mia. Kazi ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu hatembei ndani yake kwa saa 5 au 6.

Na watu walikuwa wameshaanza kuingia.

Matatu ya kwanza ilikuja saa kumi na mbili na robo, inatoka Magongo kuelekea mjini. Barabara kubwa ilikuwa imekwama, dereva akaona akate kupitia kwetu. Akaingia sahanini kwa mbio, akidhani mwendo utamvusha. Katikati, usawa wa kibanda cha soda, injini ikakohoa mara mbili ikazima. Akaanza kupiga stata. Fundi wetu wa tuktuk alimpigia kelele kutoka barazani: "Wacha! Wacha, ndugu, usiwashe!" Baadaye alinieleza. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inakwenda kuyabana, na maji hayabaniki. Kinachopinda ni chuma. Yule dereva, Mungu ampe heri, alisikia. Dereva wa gari dogo la nyuma yake hakusikia, na gari lile lilikaa hapa wiki nzima watoto wakichezea.

Ndani ya matatu ile ya watu 14 tulihesabu 17, lakini hayo tuyaache. Wengi wao walikuwa wasafiri wa bara, na mabegi yao, wanawahi mabasi ya usiku Mwembe Tayari. Nyuma yao kulikuwa na tuktuk yenye mama na watoto wawili, na bodaboda, na lile gari dogo. Watu 23 wote, na hakuna hata mmoja tunayemjua.

Kabla ya kuwatoa palitokea jambo la umeme, nalo nitalisema upesi kwa kuwa nusura lituue. Kijana wetu wa mkokoteni alikuwa wa kwanza kuingia majini kuelekea kwenye matatu. Alipofika hatua kama kumi kutoka kibanda cha soda akasimama. Akasema, "Mzee, maji yananitekenya miguu." Hakuna maji yanayotekenya mtu. Ule ulikuwa umeme, unatoka kwenye friji la kibanda. Fundi akamwambia asinyanyue mguu, arudi nyuma akiburura nyayo, hatua fupi fupi, kwa njia ile ile aliyojia. Unapopiga hatua ndefu ndani ya maji yenye umeme, mguu mmoja unakuwa karibu na chanzo na mwingine mbali, na umeme unapita ndani yako kutoka huu kwenda huu. Akarudi, midomo myeupe. Mwenye kibanda swichi yake kuu iko ndani ya uwanja wa nyumba ya nyuma, palipokuwa pakavu, akaenda akaizima. Nyumba zote za upande wa chini zikazima zao, isipokuwa mbili ambazo boksi la mita lilikuwa limeshalowa. Hizo tuliwakataza wasiguse, tukawatoa ndani na kuwapeleka kwingine. Nambari ya dharura tuliyokuwa nayo tuliipiga; ililia mpaka ikachoka.

Sasa kamba. Nilistaafu na kamba moja, ya nailoni, mita 30, unene wa kidole gumba. Mke wangu alikuwa akiianikia nguo. Ncha moja tuliifunga kwenye nguzo ya baraza la msikiti, nyingine kijana wa mkokoteni akaenda nayo hadi kwenye ngazi ya nyuma ya matatu. Ikakazwa ikawa usawa wa kifua. Wenye nguvu sita wakasimama kwa safu upande yanakoelekea maji, si upande yanakotoka, ili anayeteleza aangukie mikononi mwa mtu. Maji yaendayo kasi yakifika goti yanamwangusha mtu mzima, na gari dogo huanza kuelea yakifika sentimita 30 hivi. Yetu yalikuwa ya paja, ila yalikuwa yametulia kwa kuwa hayakuwa na pa kwenda. Yangekuwa ya paja na yanakimbia, nisingemruhusu mtu kuingia, kamba ama si kamba. Wangekaa juu ya paa la matatu mpaka usiku wa manane.

Mbele ya kila msafiri alitembea mwenyeji na mpini wa fagio, anagonga chini kabla ya kukanyaga. Watoto walibebwa mgongoni kwa leso, kama mtoto anavyobebwa siku zote. Kulikuwa na bwana mmoja mnene aliyekataa kushuka mpaka mabegi yake yashuke kwanza. Makanga akamwambia, "Baba, mabegi hayawezi kushika kamba." Akashuka.

Wanawake na watoto wakapanda orofani kwa Bi Mkubwa, wanaume wakapelekwa madrasa, ambayo imeinuliwa ngazi saba. Bi Mkubwa alifungua sanduku lake la leso. Mnalijua sanduku lile. Zipo mle jozi ambazo hazijapasuliwa, alizowekewa na marehemu mumewe. Alipasua. Kila aliyelowa alipewa leso kavu, na nguo zake zikaanikwa kwenye roshani. Msichana mmoja wa bara, hajapata kuvaa leso, alijifunga ikawa inamdondoka kila akisimama, wakamcheka mpaka naye akacheka.

Watoto walitaka maji, na mama mmoja wa mtaa akateka kisimani akaleta ndoo. Bi Mkubwa akaimwaga pale pale barazani. Mama yule aliudhika, nami kwanza niliona ni ukali. Lakini fikirini mtaa wetu ulivyo: kisima hapa, karo la choo hatua chache kutoka hapo, na kati yake matumbawe yenye matundu kama sifongo. Maji yalikuwa yamefunika vyote viwili kwa pamoja. Kisima kile usiku ule kilikuwa choo chenye kamba na ndoo. Kipindupindu huanzia hapo, na hakionekani kwa macho. Maji yalikuwa meupe kabisa, mazuri. Wakanywa ya tangi la juu, yaliyopandishwa siku mbili nyuma, na mengine yakachemshwa yakatiwa tangawizi. Kisima hakikutumiwa mpaka kilipotolewa maji yote na kutiwa dawa ya klorini, na hiyo ilikuwa wiki baadaye.

Kufikia saa mbili usiku tulikuwa twajiona tumemaliza. Muuza kahawa alikuwa amewasha jiko lake madrasani, vikombe vinagongana, wageni wanaeleza watokako. Na kwenye saa tatu mvua ikapungua. Mtu mmoja akatoka na tochi akarudi anapiga makofi: "Maji yanashuka! Ukutani yameacha alama, yameshuka kiganja kizima."

Hapa nawaomba wanaozungumza huko nyuma wanyamaze kidogo.

Maji yalipokuwa yamejaa na kutulia, zile chemba hazikuwa na nguvu ya kumdhuru mtu ila kwa kujikwaa. Zilikuwa zinatema. Ungeweza kusimama kando ya shimo nalo likakusukuma nje. Lakini bahari ilipokupwa na mdomo wa bomba ukafunguka kule Tudor, mtaa mzima wa maji ukapata mlango, na mlango wenyewe ni matundu matatu, kila moja upana wa sentimita 60 hivi. Tundu linalomtosha mtu. Chukueni karai, litobowe chini, lijaze maji huku umeziba kwa kidole, halafu ondoa kidole. Ule mviringo unaouona ndio ulioanza saa tatu usiku mbele ya kibanda cha soda, na kila bahari ilivyozidi kushuka ndivyo ulivyozidi kuvuta. Juu, maji yanaonekana yanapungua, watu wanapata moyo. Chini, shimo ndiyo kwanza linaamka.

Mimi hilo nililijua, maana nimeona gatini kamba nene inavyonyonywa. Nilichukua kumvi la nazi nikalitupa karibu na chemba ya kati. Saa kumi na mbili kumvi kama lile lilikuwa likisukumwa mbali na shimo. Sasa lilizunguka mara tatu, pole pole, kama mtu anayetafuta pa kukaa, kisha likazama na halikuonekana tena. Nikarudi madrasani kusema mtu asitoke, na kutafuta tairi la kuziba.

Nilikuta mmoja ameshatoka.

Alikuwa kijana wa miaka kama 25, begi kubwa mgongoni. Alikuwa na mahojiano ya kazi Nairobi asubuhi, basi lake ni la saa tatu u nusu. Makanga alikuwa amempigia mtu wa ofisi ya mabasi akaambiwa hakuna basi litakalotoka, Mwembe Tayari penyewe pamejaa maji, lakini kijana hakuamini. Walipokuwa wakigawiwa kahawa alisema anakwenda haja, akapita uchochoro wa nyuma. Alitembea katikati ya barabara kwa sababu alidhani kando ndiko kwenye mitaro. Ni fikra nzuri katika mtaa mwingine.

Tulimsikia. Hakupiga kelele ndefu, ilikuwa sauti moja tu, kama mtu aliyepigwa tumbo. Tochi zilipomwangaza palionekana kichwa na mikono miwili juu ya maji. Miguu na kiuno vilikuwa ndani ya chemba. Kilichomzuia asiende mzima ni lile begi: lilikuwa pana kuliko shimo, likakwama ukingoni, mikanda ikamshika makwapani.

Vijana wawili walimfikia wakamshika mikono wakaanza kuvuta. Hakutoka hata kidogo, na alianza kulia kwamba mabega yanang'oka. Hakika yangeng'oka. Anayevutwa na maji ya mtaa mzima humshindi kwa mikono minne. Nikasema wacheni kuvuta, mshikeni tu asishuke.

Tulifanya mambo mawili kwa pamoja. Kijana wa mkokoteni aliuleta mkokoteni wake akaulaza ubavu upande wa juu wa shimo, fundi na wengine wakabandika mlango wa kibanda juu yake, wakaegemea kwa migongo. Haikuwa ukuta wa kuzuia maji, yalipita chini na pembeni, lakini mbio zake zilivunjika. Wakati huo mimi nilikuwa nikipitisha kamba chini ya makwapa yake. Hapo ndipo mikono ya zamani ilipokumbuka kazi yake. Nilifunga kitanzi kisichokaza. Kitanzi cha kukaza, kile cha kutegea kuku, kingembana kifua akakosa pumzi kabla hatujamtoa. Kile kisichokaza kinabaki na ukubwa wake hata wavute watu kumi. Na walivuta kumi, kwa mwendo wa kuinua na si kwa kushtua, mtu mmoja akihesabu. Begi hatukulikata mpaka kiuno chake kilipopita ukingo, kwani begi ndilo lililokuwa likimshika.

Alitoka bila viatu na bila suruali, tumbo na mapaja yamechubuka. Akakaa juu ya mkokoteni anatetemeka. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, vyeti vyangu viko kwa begi." Vyeti vilikuwa vimefungwa ndani ya karatasi za nailoni tatu, vikavu kabisa. Alikuwa mwangalifu kwa kila kitu ila mwili wake.

Wapo waliosema baadaye kwamba kosa lilikuwa lake. Mimi nasema lilikuwa letu wenyeji. Sisi tulilijua shimo lile miaka miwili. Tulilizoea kiasi cha kulipita tukiwa tumefumba macho, na kitu ulichokizoea hukumbuki kumwambia mgeni. Katika saa 3 nzima tulizowapa chai na leso na pole, hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Katikati ya barabara kuna shimo." Tulitia alama baada ya mtu kutumbukia: tairi la lori juu ya tundu, na ndani ya tairi mti wa mwarobaini uliosimamishwa, na kitambaa cheupe. Alama hiyo ingeweza kuwekwa alasiri, kabla ya mvua, na mtoto wa miaka 10.

Yaliyobaki ni mafupi. Saa sita usiku bahari ilikuwa imekupwa kabisa na barabara ilikuwa matope tu. Fundi alifungua plagi za matatu, akazungusha injini, maji yakaruka kama ya mpira uliotoboka. Akakausha, akafunga, na baada ya kusukuma mara nne ikawaka, moshi mweupe mtaa mzima. Nilimwambia dereva aondoke kabla ya saa tisa, kwa sababu bahari ilikuwa ikianza kujaa tena, na alfajiri mdomo wa bomba ungefungwa upya; mvua ikirudi angekwama pale pale. Waliotaka wakaenda naye. Wengine walilala, wakaondoka asubuhi baada ya mahamri na mbaazi. Yule kijana alipelekwa zahanati akachomwa sindano ya pepopunda, akasafiri usiku uliofuata akiwa amevaa suruali ya marehemu mume wa Bi Mkubwa, fupi kwake.

Miezi minne baadaye basi moja lilishusha kifurushi kwa jina la "Bibi wa orofa, Majengo". Mlikuwa na suruali, imepigwa pasi, na leso saba, zimefuliwa na kukunjwa. Tulikuwa tumegawa kumi na moja. Bi Mkubwa alizihesabu mara mbili, akasema nne bado ziko njiani, na mpaka leo akisikia honi ya basi hutazama dirishani.

Mwaka huu nimetazama kalenda. Mei ina bamvua mbili, ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu, na siku zake nimezibandika kwenye mlango wa madrasa. Chemba ya kati ina mfuniko wa zege sasa, tulioumimina wenyewe, lakini ile ya chini imepata ufa, nendeni mkaitazame mkitoka hapa. Kamba haianikiwi nguo tena. Imening'inizwa nyuma ya mlango wa madrasa, upande wa kushoto, na ufunguo anao muuza kahawa.